Hotuba ya kufungua mdahalo: je, adhabu ya kifo inaendana na haki ya kuishi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msemaji wa kwanza katika mdahalo wa chama cha sheria, yule anayesimama kabla ya kusikia upande wa pili utasema nini. Hoja tunayoichukua ni hii: "Adhabu ya kifo haiendani na haki ya kuishi." Wewe ndiye mtoa hoja. Mpinzani wako ana swali lake kuelekea mwisho, lakini na yeye asome kuanzia juu.

Hoja hii inauliza nini hasa?

Inauliza swali la sheria. Serikali imekiri, kwenye katiba yake au kwenye mkataba iliouridhia, kwamba kila mtu ana haki ya kuishi. Je, serikali hiyohiyo inaweza kumuua mtu aliyekwisha kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa, bila kuvunja ilichokiri? Hilo ndilo swali, na ni jembamba kuliko watu wanavyodhani.

Maswali mengine yanalizunguka: kama muuaji anastahili kufa, kama kitanzi kinatisha wahalifu, kama kumlisha mfungwa wa maisha ni gharama. Yote yana uzito wake, ila hakuna hata moja linalojibu hoja. Nimesikia hotuba nyingi zilizokula nusu ya muda wake kueleza namna mtu anavyonyongwa, na jaji wa mdahalo akabaki anasubiri ibara ya kwanza itajwe. Ukatili wa adhabu una nafasi yake kwenye hotuba, na tutaifikia. Usiufanye mlango wa kuingilia.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye andiko linalokuumiza. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inatamka kwanza kwamba kila binadamu ana haki ya asili ya kuishi, na kwamba hakuna atakayenyimwa uhai wake kiholela. Mara tu baada ya hapo, ibara ndogo ya pili inazungumzia nchi ambazo hazijafuta adhabu ya kifo, na kusema kwamba huko adhabu hiyo itolewe kwa makosa mazito kabisa tu, kwa sheria iliyokuwepo wakati kosa linatendeka, na kwa hukumu ya mwisho ya mahakama yenye mamlaka.

Mpinzani wako ataisoma ibara hiyo ndogo kwa sauti kubwa. Isome wewe kwanza. Ukiificha, dakika tatu baadaye atasimama aitoe mfukoni, na kila ulichosema kitaonekana hila. Ukiitaja mwenyewe, unapata haki ya kueleza maana yake kabla yake, na hiyo ndiyo faida kubwa pekee ya kuzungumza kwanza.

Lakini ibara ya 6(2) si inamaliza mdahalo?

Ingemaliza kama ingesimama peke yake. Soma mpaka chini. Ibara ndogo ya nne inampa kila aliyehukumiwa kifo haki ya kuomba msamaha au kupunguziwa adhabu. Ya tano inakataza kumhukumu kifo mtu aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18, na inakataza kumnyonga mwanamke mjamzito. Ya sita inasema hakuna lolote katika ibara hiyo litakalotumiwa kuchelewesha au kuzuia kufutwa kwa adhabu ya kifo. Andiko linaloihalalisha adhabu moja kwa moja halina sababu ya kuweka maneno ya namna hiyo. Andiko linaloivumilia adhabu iliyokuwepo, huku likiielekeza kwenye kufutwa, lina kila sababu.

Usomaji huu si wa kubuni. Mwaka 2003 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua malalamiko ya mtu ambaye Kanada ilimrudisha Marekani, alikokuwa tayari amehukumiwa kifo. Kanada ilikuwa imeshafuta adhabu hiyo. Kamati ilisema ruhusa ya ibara ya 6(2) ni ya nchi ambazo hazijafuta, basi. Nchi iliyokwisha kufuta inabaki chini ya ibara ndogo ya kwanza tu, na haiwezi kumpeleka mtu kwenye hatari halisi ya kunyongwa kwingine. Mwaka 2018, katika maoni yake ya jumla kuhusu haki ya kuishi, Kamati hiyohiyo ilisema nchi iliyofuta haiwezi kuirudisha adhabu hiyo.

Kwa hiyo jibu lako liwe hili: ibara ya 6(2) inaonyesha kwamba mwaka 1966 mataifa hayakuweza kukubaliana kufuta. Haionyeshi kwamba yalikubaliana kuwa adhabu hiyo na haki ya kuishi ni ndugu.

Hata hivyo uwe mkweli juu ya mpaka wa hoja hii. Kwa nchi ambayo haijafuta, ibara ya 6 peke yake haitoshi kuharamisha kila hukumu ya kifo. Ukidai inatosha, msemaji wa pili wa upande wa pili atakumaliza. Ndiyo sababu unahitaji kesi.

Kesi ipi ibebe hotuba?

Beba mbili, kwa pamoja, maana zinafundisha zaidi zikiwekwa ubavuni mwa nyingine. Zote ni za mwaka 1995, zote zinatoka mahakama za juu za Afrika, zote zilichambua ushahidi ule ule wa kiulimwengu, na zikaishia pande tofauti.

Ya kwanza ni ya Tanzania, kesi ya Mbushuu na mwenzake dhidi ya Jamhuri. Wawili hao walitiwa hatiani kwa mauaji. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikataa kuwahukumu kifo. Alisema adhabu hiyo inavunja haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba na katazo la adhabu za kinyama na za kudhalilisha lililo katika ibara ya 13(6), akawapa kifungo cha maisha. Jamhuri ikaenda Mahakama ya Rufani, ambayo ilitoa hukumu Januari 1995.

Hapa ndipo wasemaji wengi hukosea. Wanasema Mahakama ya Rufani iliiona adhabu ya kifo kuwa nzuri. Haikusema hivyo. Ilikubaliana na Jaji Mwalusanya kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili, ya kinyama na inamdhalilisha binadamu. Kisha ikageukia ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa ajili ya maslahi ya umma. Ikauliza mambo mawili. Kwanza, je, sheria hii ni ya kiholela? Ikajibu hapana, kwa kuwa kuna mashtaka, utetezi, rufaa na msamaha wa Rais. Pili, je, mpaka huu umezidi kinachohitajika? Hapo ikasema hakuna uthibitisho wa mwisho kama kifo kinalinda jamii kuliko kifungo cha maisha au la, na kwamba jambo hilo ni la jamii kuamua. Adhabu ikabaki.

Ya pili ni ya Afrika Kusini, kesi ya Serikali dhidi ya Makwanyane na mwenzake, iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba tarehe 6 Juni 1995. Ushahidi wa kutisha wahalifu ulikuwa na utata uleule. Lakini mahakama ilisema mzigo wa kuthibitisha uko kwa serikali: anayetaka kuondoa haki ndiye aoneshe kwamba lazima iondolewe, na serikali haikuonesha. Kuhusu maoni ya wananchi, Rais wa mahakama hiyo, Chaskalson, alikubali kwamba huenda wengi wanaitaka adhabu hiyo, akaeleza kwamba maoni ya wengi hayawezi kuchukua nafasi ya kazi ya mahakama ya kutafsiri Katiba. Majaji wote 11 walikubaliana kuifuta.

Sasa tazama mahali hasa zilipoachana. Zote mbili ziliona adhabu ni ya kikatili. Zote mbili zilikuwa na ibara ya mipaka ya haki. Zote mbili zilikiri kwamba hakuna mwenye takwimu za kumaliza ubishi. Tofauti ilikuwa nani anabeba hasara ya kutojua. Tanzania ilisema: hatujui, basi jamii iamue. Afrika Kusini ilisema: hatujui, basi serikali isiue. Ukiweza kuliweka hilo mbele ya ukumbi kwa utulivu, bila kupaza sauti, umeshawapa wasikilizaji swali watakalolibeba mdahalo mzima. Binafsi naamini jibu la pili ndilo pekee linaloipa haki ya kuishi maana yoyote, kwa sababu haki inayoondolewa kila palipo na mashaka ni ombi tu.

Nikitaja Makwanyane peke yake kuna ubaya gani?

Kuna ubaya wa aina mbili. Kwanza, mpinzani ataleta Mbushuu, na utaonekana hukuisoma. Pili, Makwanyane haikujengwa hasa juu ya haki ya kuishi. Uamuzi mkuu wa Chaskalson ulisimama kwenye katazo la adhabu za kikatili, ukisomwa pamoja na haki ya kuishi, utu na usawa. Majaji kadhaa walioandika maoni yao wenyewe ndio walioweka uhai mbele zaidi. Sema hivyo waziwazi, kisha eleza kwa nini haikudhuru: adhabu ni ya kikatili kwa sababu ya kile inachokiondoa.

Je, katiba ikiruhusu kwa maneno ya wazi?

Hapo usipigane na andiko. Katiba ya Uganda, ibara ya 22, inakataza kumnyima mtu uhai kwa makusudi isipokuwa katika kutekeleza hukumu iliyotolewa baada ya mashauri ya haki. Katika kesi ya Kigula, iliyoletwa na mamia ya wafungwa waliosubiri kunyongwa, Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema Januari 2009 kwamba adhabu yenyewe ni halali, kwa sababu Katiba imeitaja.

Ila mahakama hiyohiyo ilibomoa mambo mawili. Sheria inayomlazimisha jaji kutoa kifo bila kumsikiliza mshtakiwa juu ya adhabu ni batili. Na mtu aliyekaa zaidi ya miaka mitatu tangu mahakama ya juu kabisa ithibitishe adhabu yake, bila kunyongwa wala kusamehewa, adhabu hiyo inageuka kifungo cha maisha. Kwa hiyo hata andiko lililo baya kabisa kwako linakuachia uwanja.

Adhabu ya lazima inahusianaje na haki ya kuishi?

Inahusiana kupitia neno "kiholela", na hapa ndipo hoja yako ina nguvu kuliko mahali pengine popote. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inakataza kumnyima mtu uhai kiholela, bila kutaja adhabu ya kifo hata kidogo. Katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa hukumu tarehe 28 Novemba 2019. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinamtaka jaji, akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa makusudi, atamke kifo.

Mahakama ilipima kwa vigezo vitatu. Je, adhabu imewekwa na sheria? Ndiyo. Je, imetolewa na mahakama yenye mamlaka? Ndiyo. Je, imepitia mwenendo wa haki? Hapo ikakwama. Mashauri ya haki hayaishii kwenye hatia. Yanafika mpaka kwenye adhabu. Jaji asiyeruhusiwa kupima kama aliyesimama mbele yake ni kijana aliyesukumwa na wakubwa zake au ni mpangaji wa mauaji ya watu kumi, hajahukumu kitu. Ametamka tu kilichoandikwa tangu bungeni. Mahakama ikasema ibara ya 4 imevunjwa. Ikasema pia kunyonga kunavunja utu unaolindwa na ibara ya 5.

Mpinzani atakuambia, na atakuwa sahihi, kwamba hii inaua adhabu ya lazima peke yake. Jibu lako: ndiyo, na ninaanza hapo kwa makusudi. Mahakama imekiri kwamba haki ya kuishi inaidai serikali kumtazama mtu mmoja mmoja kabla ya kumuua. Ukishakubali hilo, lazima uulize kama kuna utaratibu wowote wa kibinadamu unaoweza kumtazama mtu kwa uhakika wa kutosha kwa uamuzi usiorekebishika.

Wakisema polisi wanaruhusiwa kuua kumwokoa mateka, nijibu nini?

Hili linaulizwa karibu kila mdahalo, na jibu lake ni fupi. Katika kujilinda au kumlinda mwingine kuna uhai wa watu wawili unaogongana wakati huohuo, na mmoja ndiye anayeutishia mwingine. Sheria inachagua asiye na kosa. Aliyehukumiwa yuko gerezani, mikono mitupu, mara nyingi miaka mingi baada ya tukio. Hakuna uhai unaookolewa asubuhi ile anapotolewa seli. Makwanyane ilitumia tofauti hii, na sijasikia mtu aliyeijibu vizuri.

Nitumie takwimu za kutisha wahalifu?

Hapana. Zinakutoa kwenye hoja, na kila upande una utafiti wake. Sentensi moja yatosha: mahakama mbili zilizochimba suala hili hazikupata uthibitisho. Kisha rudi kwenye mzigo wa kuthibitisha.

Na waliouawa? Hawakuwa na haki ya kuishi?

Walikuwa nayo, na ni lazima uwataje kabla ya mpinzani. Yeye akiwataja kwanza, ukumbi utakuona umewasahau, na kwa kweli utakuwa umewasahau. Haki ya kuishi inaidai serikali mambo mawili: isiue, na iwalinde watu wasiuawe. Serikali inayochelewa kufika kwenye simu ya dharura, inayopoteza majalada, inayomwachia muuaji kwa ushahidi mbovu, imevunja haki ya marehemu. Kumnyonga mtu mwingine hakulipi deni hilo. Sema hivi kwa upole. Kwenye ukumbi wa watu 100 huenda yupo aliyezika ndugu aliyeuawa, na hastahili kusikia kifo cha wake kikitumiwa kama mfano wa haraka.

Dakika ya kwanza isikike vipi?

Kwa hotuba ya dakika saba, andika maneno 700 hivi, na uyasome kwa saa mkononi. Dakika ya kwanza inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, Waheshimiwa Majaji. Ibara ya 6 ya Mkataba wa 1966 inaitaja adhabu ya kifo, na wenzetu wataisoma. Sisi tunaisoma sasa. Inasema: katika nchi ambazo hazijafuta. Neno 'hazijafuta' linatazama mbele. Mwaka 1995 mahakama mbili za Afrika ziliulizwa swali lililo mbele yetu leo. Zote zilisema adhabu hii ni ya kikatili. Zote zilisema hakuna aliyethibitisha kwamba inaokoa uhai wa yeyote. Moja ikaiacha, nyingine ikaifuta. Tutawaonyesha kwamba iliyofuta ndiyo iliyoichukulia haki ya kuishi kama haki."

Angalia kwamba hakuna kamusi, hakuna msemo wa mwanafalsafa, hakuna shukrani ndefu kwa waandaaji. Dakika mbili zinazofuata zieleze tofauti ya mzigo wa kuthibitisha, mbili zingine Ally Rajabu na neno "kiholela", moja ya waliouawa, na ya mwisho uwaeleze majaji ni kitu gani upande wa pili lazima uthibitishe ili ushinde.

Nikiwa upande wa kupinga hoja, nifungue vipi?

Usitetee adhabu ya lazima. Iachie iende mapema, kwa sentensi moja, na utamnyang'anya mtoa hoja silaha yake bora. Kisha simama kwenye mambo mawili. La kwanza ni andiko: haki ya kuishi katika mikataba mikubwa inalindwa dhidi ya kunyimwa kiholela, na waliotaka kufuta kabisa walilazimika kuandika itifaki nyingine, ile Itifaki ya Pili ya Hiari ya 1989. Kama ibara ya 6 ingekuwa imeshafuta, itifaki hiyo ingekuwa ya nini? Hili ni swali gumu kweli kwa mtoa hoja. La pili ni nani aamue: mahali sayansi iliponyamaza, bunge lililochaguliwa lina haki zaidi ya kuamua kuliko majaji wachache. Hapo unasimama na Mbushuu, na unasimama imara.

Mtoa hoja aulizwapo kuhusu Itifaki ya 1989, ajibu nini?

Kwanza asikwepe. Akubali kwamba itifaki ilihitajika ili kuzifunga nchi zilizojiunga nayo zisinyonge mtu yeyote, bila kubishana kesi kwa kesi. Kisha atofautishe wajibu na upatanifu. Nchi inaweza kuwa bado haijafungwa kufuta jambo, na jambo hilo likawa linapingana na haki iliyokubali. Ndiyo maana ibara ya 6(6) inakataza andiko lake lenyewe kutumiwa kama ngao. Akibaki na sekunde kumi, amrudishie mpinzani swali: kama adhabu hii inaendana na haki ya kuishi, kwa nini mkataba unakataza kutumia ruhusa yake kuchelewesha kuifuta?